Imekodoa au Inakonyeza

Simu ya Leonard ililia juu ya kaunta ya jikoni, kando ya birika, mahali ilipokaa tangu waliporudi kutoka kumzika kwao Njombe. Honorata alikuwa akiifuta kila asubuhi na kuichomeka kwenye chaja, kama mtu anavyomwagilia maua asiyoyapanda yeye. Anna, binti yao, alikuwa amemwambia mara mbili kwamba laini ile ifungwe, hakuna faida ya kuilipia. Honorata alisema sawa, tutaifunga, akaendelea kuichaji.

Jumamosi ile alikuwa kwenye gereji ya nyumba, anamsaidia Fahmi kuteremsha ngazi. Fahmi alifanya kazi na Leonard miaka mingi, wakipandisha paneli za sola juu ya mapaa ya watu huku Marekani, kuanzia pale Bowie hadi ng'ambo ya mto, Virginia. Ni mtu wa Tanga, anakaa Woodbridge, na tangu alipofika alikuwa hajaacha kuisema vibaya barabara kuu ya tisini na tano na foleni zake. Alikuja kuchukua vifaa vya marehemu. Honorata mwenyewe ndiye aliyemwita. Aliona ni bora vikafanye kazi kwenye mikono inayovijua kuliko kushika kutu nyuma ya gari.

"Shemeji, hii dirili nayo nichukue?"

"Chukua. Mimi nitatoboa nini?"

"Hujui. Mwanamke mwenye dirili haombi mtu kumtundikia pazia."

Honorata alitabasamu. Ndipo simu ikalia tena, mara ya pili, na ya tatu, milio mifupi ya ujumbe. Alinyoosha shingo kuelekea jikoni.

"Hiyo si yako," Fahmi alisema. Aliujua mlio ule.

"Si yangu."

Waliingia ndani pamoja. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na jina la Flaviana, mdogo wake Leonard, aliyekuwa akikaa kwenye nyumba ya wazazi wao huko Njombe. Alikuwa ametuma picha moja na maneno mafupi chini yake: *Kaka, imeanza tena.*

Halafu chini ya hayo: *Wifi, nisamehe. Mkono umezoea.*

Honorata aliyasoma maneno yale akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Fahmi aliangalia pembeni, kwenye friji, akasoma ratiba ya takataka iliyobandikwa pale kana kwamba inamhusu.

Picha ilikuwa ya inveta. Leonard aliifunga mwenyewe ukutani mwa kile chumba cha nyuma, likizo moja waliyokwenda wote: paneli juu ya bati, betri mbili kubwa sakafuni zilizounganishwa mfululizo kutoa volti ishirini na nne, na hiyo inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuendeshea vitu vya nyumbani. Nguzo za umeme wa serikali zilikuwa zimesimama kitongoji kizima, ila nyaya zilikuwa bado. Kwa hiyo nyumba ile yote, na kazi ya Flaviana, ilitegemea kisanduku hicho. Flaviana alikuwa anatotolesha vifaranga na kuwauzia majirani. Mashine yake ya kutotolesha, kabati la bati lenye trei za mayai na hita ndani, ilikuwa chumba hicho hicho.

Flaviana alikuwa amepiga picha kwa karibu sana. Ilionekana namba sifuri nne, alama ya pembetatu, na kitaa chekundu. Basi.

Kabla hawajaongea, simu ikaita. Honorata aliipokea na kuiweka spika.

"Kamwene, wifi," Flaviana alisema. Nyuma yake kulisikika kitu kinalia, pii, pii, na sauti ya pikipiki inayounguruma bila kwenda.

"Kamwene. Kuna nini huko?"

"Ni hii inveta. Siku hizi tatu nne jioni inalia kidogo, halafu inanyamaza. Leo imezidi kulia. Fundi Isack yuko hapa, anasema betri zimekufa. Na mayai yako siku ya kumi na tisa, wifi. Keshokutwa yanapasuka. Usiku wa huku sasa hivi unaujua."

Honorata aliujua. Ilikuwa Julai. Huko Bowie joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami tangu asubuhi, lakini Njombe mwezi huo majani huamka yana barafu. Mayai yakipoa usiku mzima siku mbili kabla ya kupasuka, hakuna kinachobaki ndani ya ganda.

"Sasa mnafanyaje?"

"Masista wa kule mjini wana mashine na wana jenereta. Nimewapigia, wamesema nilete. Bodaboda yuko hapa nje. Nimeshatandika blanketi kwenye makreti. Nilitaka tu... sijui nilitaka nini. Nimetuma picha kabla sijafungua mlango wa mashine."

"Mayai ya siku ya kumi na tisa unayapakia kwenye pikipiki?" Fahmi alidakia. "Kwenye njia ile ya mashimo? Marehemu alinieleza njia ile, dada."

"Nani huyo?"

"Ni Fahmi," Honorata alisema. "Wa kazini kwa kaka yako."

"Ah, Fahmi wa Tanga. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nisubiri kidogo, niangalie hii picha."

Fahmi aliikuza picha kwa vidole viwili. Halafu akatoa simu yake mwenyewe na kuanza kutafuta kitabu cha maelekezo cha inveta ya aina ile. Kazi ya kila siku ya Fahmi ilikuwa na mashine nyingine, zile zinazoungwa moja kwa moja na umeme wa mtaani na hazina betri, na zikiharibika zinatuma taarifa zenyewe ofisini. Hizi za betri na mlio alizijua kwa kumsikia Leonard. Alisoma akisogeza midomo.

"Namba nne ni volti ya betri iko chini," alisema hatimaye. "Isack hakukosea. Na taa nyekundu ikiwaka maana yake ni hitilafu, mashine imejizima, haitoi tena umeme. Kama ni hivyo, usiku wa leo hakuna hita. Hapo kweli, shemeji, bora mayai yaondoke wakati bado kuna mwanga. Njiani vifaranga baadhi watakufa. Hapo watakufa wote."

"Basi nafungua," Flaviana alisema.

Honorata alikuwa amelikazia macho lile doa jekundu. Hakujua umeme. Alikuwa mhudumu wa wazee, kazi yake ilikuwa kuwageuza watu kitandani na kuwapimia presha. Lakini Jumamosi ngapi alikaa kwenye meza ile ile akichambua mboga, Leonard upande wa pili, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, watu wanamtumia picha kutoka Njombe, kutoka Mbeya, kutoka kwa jamaa wa jamaa aliyefungiwa sola na mtu asiyejulikana. Leonard hakuwahi kuanza na namba. Kila mtu alimletea namba, na yeye aliiacha namba ikae kwanza. Swali lake la kwanza lilikuwa moja, na alilisema kwa namna yake, mpaka Anna alipokuwa mdogo alikuwa akimwiga.

"Flaviana," Honorata alisema. "Usifungue. Hiyo taa nyekundu, imekodoa au inakonyeza?"



"Ee jamani," Flaviana alisema polepole. "Hilo neno."

"Niambie."

"Inakonyeza, wifi. Inakonyeza na kulia."

Fahmi alishusha simu yake. "Inakonyeza? Una hakika?"

"Si niko mbele yake?"

"Sasa mbona kwenye picha..." Fahmi alijikatiza mwenyewe, akapiga paja. "Picha haikonyezi. Picha imeidaka wakati imewaka. Ah, mie nami."

Alirudi kwenye kitabu, safari hii akisoma kwa sauti. Namba nne ilikuwa kwenye orodha mbili. Ya kwanza orodha ya hitilafu: taa nyekundu imetulia, mashine imezimika. Ya pili orodha ya tahadhari: taa nyekundu inawaka na kuzima, mashine inalia, lakini bado inafanya kazi. Namba ni ile ile. Kinachotofautisha ni taa.

"Piga video," Honorata alisema. "Siyo picha. Rudi nyuma kidogo, tuone na taa zote na mashine ya mayai. Na utulize mkono."

Hayo nayo yalikuwa maneno ya Leonard. Alikuwa akisema watu wa kwao wana adabu mbaya ya picha: wanaona aibu kuonyesha chumba kilivyo, ndoo, magunia, nguo zilizotundikwa, kwa hiyo wanasogea mpaka kwenye namba na kukata vingine vyote. Kumbe jibu limekaa kwenye hivyo vilivyokatwa. Flaviana alikuwa kapiga hivyo hivyo miaka yote, na miaka yote alikuwa akiambiwa arudi nyuma.

Video ilikawia kufika. Fahmi alikunywa maji. Nje jirani alikuwa anakata nyasi, na harufu yake iliingia kupitia mlango wa gereji waliouacha wazi.

Ilipofika waliinamia wote wawili. Chumba chenye magunia ya pumba. Kabati la bati, taa yake ya ndani inawaka. Inveta ukutani. Taa nyekundu inakonyeza, na kando yake ya kijani, nayo inakonyeza.

"Kijani inakonyeza ni nini?" Honorata aliuliza.

"Kijani ikikonyeza, inatoa umeme kwa nguvu ya betri na jua. Kwa hiyo iko hai. Hita inapata umeme sasa hivi tunavyoongea." Fahmi alivuta kiti, akakaa vizuri kwa mara ya kwanza. "Dada Flaviana, mwambie bodaboda azime injini, mafuta yake yanaisha bure. Isack yuko karibu?"

"Niko hapa, mkubwa," sauti ya kiume ilisema. Isack alikuwa fundi wa kituo cha mabasi, anatengeneza redio, taa za pikipiki, chochote chenye waya. "Lakini namba nne ni namba nne. Hizi betri zina miaka minne. Mimi nasema zimechoka."

"Inawezekana. Sisemi umekosea. Ila nisaidie jambo moja. Kwenye kioo cha inveta kuna kitufe cha kushuka, bonyeza mpaka uone volti za betri. Sema unachoona."

"Ishirini na moja nukta sita."

"Endelea kuangalia, usiguse kitu."

Walisubiri. Mlio ulikuwa ukiendelea, pii, pii. Halafu ukakatika ghafla.

"Imenyamaza," Isack alisema. "Sasa inasoma ishirini na nne nukta sita. Taa nyekundu imeondoka."

"Na mashine ya mayai, hita imezima?"

Flaviana alijibu yeye. "Imezima. Joto likifika inajizima yenyewe, likishuka inajiwasha."

"Kwa hiyo hita ikiwaka inalia, ikizima inanyamaza," Fahmi alisema. "Na mchana jua likiwa kali hailii?"

"Mchana hailii kabisa."

Fahmi alimtazama Honorata. "Mchana paneli ndizo zinazobeba hita, betri hazitoi kitu. Jua likishuka, hita inavuta kwenye betri, na volti zinaanguka. Betri iliyochoka hufanya hivyo. Lakini waya mbovu nao hufanya hivyo hivyo. Kwenye kioo huwezi kuvitofautisha."

"Leonard angeuliza nini?" Honorata alisema. Hakuwa anamuuliza Fahmi hasa.

"Angeuliza namba hiyo imepimwa wapi. Inveta inapima pale waya unapoingia kwake. Haijui kilichotokea njiani." Akainama kwenye simu. "Isack, mita unayo?"

"Ninayo."

"Subiri hita iwake tena, inveta ianze kulia. Ikilia, pima betri moja moja. Ncha za mita uziweke kwenye risasi yenyewe ya betri, kile kichwa cha kijivu. Usiguse kichwa cha waya wala nati. Umenielewa? Risasi kwa risasi."

"Nimekuelewa, mkubwa. Huko Marekani mnatufundisha na kugusa."

"Mie nakufundisha? Mie niko gereji ya watu naiba dirili."

Isack alicheka. Honorata alisikia Flaviana pia akicheka, kicheko kifupi kilichokatwa na pii ya kwanza. Hita ilikuwa imewaka.

"Betri ya kulia," Isack alisema baada ya kidogo. "Kumi na mbili nukta tano."

"Nyingine."

"Ya kushoto, kumi na mbili nukta nne."

"Na kioo cha inveta kinasomaje sasa hivi?"

"Ishirini na moja nukta tano."

Fahmi aliandika hewani kwa kidole. "Kumi na mbili na nusu, na kumi na mbili nukta nne. Ishirini na nne nukta tisa. Betri zinatoa karibu ishirini na tano, inveta inapokea ishirini na moja na nusu. Volti tatu na zaidi zimepotelea njiani. Isack, betri zako hazijafa."

Isack akauliza, "Sasa hizo volti ziko wapi?"

"Ziko kwenye kiungo fulani, zinageuka joto. Kuna waya wa kwenda, wa kurudi, fyuzi, swichi, na ule waya mfupi wa kuunga betri na betri. Tuanze..." Fahmi alikuna ndevu. "Tuanze na fyuzi, labda."

"Jua linaondoka," Flaviana alisema. "Bodaboda anaangalia saa. Akisema anaondoka, nimwambieje?"



Honorata alikuwa ameirudisha video na kuisimamisha. Alikuwa haangalii inveta. Alikuwa akiangalia sakafu, betri mbili nyuma ya gunia. Ya kulia ilikuwa na vumbi la muda mrefu, jeupe. Ya kushoto haikuwa nalo. Juu yake, kwenye plastiki, kulikuwa na alama ya mviringo, kama mtu aliweka sufuria au glasi.

Akaiona siku ile. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanga ya msiba kichwani, na mbele yake kwaya, na kando ya kwaya meza ndogo yenye amplifaya. Alikuwa amekataa kulitazama jeneza, kwa hiyo alitazama chini ya meza. Chini ya meza kulikuwa na betri, na juu ya betri kijana wa kwaya aliweka glasi yake ya maji. Aliitazama glasi ile mahubiri yote. Ilitetemeka kila besi ilipoimba. Mpaka sasa hakuwa amemwambia mtu kwamba alichokikumbuka zaidi kwenye mazishi ya mumewe ni glasi ya maji.

"Wifi," alisema. "Siku ya mazishi. Ile betri ya spika, pale makaburini. Mliitoa wapi?"



"Amplifaya ilitaka betri moja," Flaviana alisema. "Vijana wa kwaya waliifungua humu. Kulikuwa na jua, nyumba ilikuwa haina haja nayo mpaka usiku."

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto, ndiyo."

"Nani aliirudisha?"

"Wao wao. Jioni ile, watu wanakula. Spana ilikuwa haionekani, nafikiri walikaza kwa mkono. Taa ziliwaka, nikasema basi." Alipumua. "Nani siku ile alikuwa na akili ya spana, wifi?"

"Hakuna," Honorata alisema. "Hata mimi sikuwa nayo."

Fahmi alikuwa ameshasimama. "Isack, acha fyuzi. Nenda betri ya kushoto, ule waya mfupi unaoziunga. Usishike chuma. Sogeza mgongo wa mkono karibu na nati zake, uniambie."

Mara moja Isack akasema neno la Kibena ambalo Honorata alilijua na hakulitafsiri.

"Pana moto kama pasi," Isack alisema. "Plastiki ya waya imelainika. Mlikuwa mmebakiza siku chache tu mchome nyumba."

"Ndiyo maana wiki zote hizi haikulia," Fahmi alisema. "Taa za nyumbani zinavuta kidogo. Tangu mayai yaingie, kila jioni hita ikivuta, kiungo kinapata joto, kinazidi kulegea na kuungua. Haya. Usikaze hivyo hivyo. Tunazima kwanza, na tunazima kwa mpango."

Walizima kwa mpango. Flaviana alichomoa mashine ya mayai bila kufungua mlango wake, akaifunika kwa zile blanketi za makreti, akaacha matundu ya hewa wazi. Fahmi alimwambia joto la ndani litavumilia muda wa kazi ile bila shida, mradi mlango usifunguliwe. Isack alizima inveta, kisha swichi ya paneli, na mwisho swichi ya betri. Fahmi alimrudisha nyuma pale alipotaka kuanza na betri, akamwambia inveta isiachiwe paneli peke yake bila betri. Isack akavua saa na pete, akavingirisha utepe kwenye mpini wa spana ili isije ikaunganisha chuma kwa chuma. Inveta ilinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu simu ipokelewe walisikia chumba kile: kuku nje, mtu akimwita mtoto, bodaboda akiuliza kama bado anahitajika.

"Mwambie akae," Honorata alisema. "Ikishindikana ataondoka nayo. Ikifaulu atakunywa chai."

Msasa ulisikika ukikwaruza. Isack alisafisha kichwa cha waya mpaka kikang'aa, akasafisha risasi, akakata kipande cha waya kilicholainika na kuufunga upande huo kichwa kingine alichokuwa nacho kwenye mkoba. Akakaza. Kisha, bila kuambiwa, akakaza nati ya pili, na zile za betri ya kulia pia.

"Nimemaliza."

"Betri kwanza," Fahmi alisema. "Halafu paneli. Halafu inveta. Mashine ya mayai mwisho."

Honorata alikuwa ameweka viganja viwili mezani. Pembeni ya birika chaja ya Leonard ilikuwa inaning'inia bila simu.

Tik, ikasikika. Halafu mvumo mdogo wa feni ya inveta.

"Kijani inakonyeza," Flaviana alisema. "Nyekundu haipo."

"Chomeka mashine. Subiri hita."

"Hita imewaka." Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama ya mtu aliyekaribia mtoto aliyelala. "Hailii."

"Isack, soma kioo."

"Ishirini na nne nukta saba. Na hita inawaka. Mkubwa, inasimama pale pale, haishuki."

Fahmi alikaa. Alijifuta uso kwa fulana yake. "Baada ya saa moja urudie kupapasa pale na mgongo wa mkono. Pasiwe na joto. Na kesho mchana upapase tena."

"Nitalala hapa hapa," Isack alisema. "Nimesikia kuna chai."

"Nilisema bodaboda!" Honorata alidakia.

"Basi tutakunywa wote."

Walipoagana, Flaviana alibaki kwenye laini. Fahmi akaelewa, akarudi gereji kufunga ngazi kwenye gari.

"Wifi," Flaviana alisema. "Nilipotuma ile picha kwa kaka, nilijua. Usidhani nimechanganyikiwa."

"Sidhani."

"Nilitaka tu iende pale inapokwendaga."

"Ilifika," Honorata alisema.

Fahmi aliondoka na ngazi, mkanda wa vifaa na mita mbili. Dirili aliiacha juu ya meza ya gereji, na Honorata alipompigia kumwambia kaisahau, alisema hajaisahau, ile ni ya mapazia.

Jumatatu Honorata alikuwa kazini Arlington, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitazama habari siku nzima bila sauti. Alikuwa ameiweka simu ya Leonard kwenye mkoba, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Ilipolia alikuwa akimkunjia mzee soksi.

Ilikuwa video. Mlango wa mashine, kioo chake kina ukungu, na nyuma ya ukungu vifaranga vilivyolowa, vingine vimesimama, vingine vimelala juu ya maganda. Mayai kadhaa yalikuwa bado mazima, mengine yangebaki hivyo. Lakini trei zilikuwa zinatikisika kwa uhai, na kelele ile nyembamba ilijaza chumba cha mzee hadi akageuza kichwa.

"Kuku?" mzee aliuliza kwa Kiingereza.

"Kuku," Honorata alimjibu kwa lugha hiyo hiyo. "Kutoka nyumbani."

Chini ya video Flaviana aliandika: *Video, siyo picha. Usije ukaniuliza.*

Honorata alimalizia soksi. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaitazama tena video, akitafuta ile inveta ukutani. Ilionekana nusu tu, pembeni, taa ya kijani ikiwaka na kuzima. Betri hazikuonekana kabisa.

Tangu Leonard afe hakuwa ameandika neno lolote kwenye simu ile. Aliandika sasa, kwa kidole kimoja, polepole, ujumbe utakaofika kwa jina la mumewe: *Ni mimi, Honorata. Wazuri sana. Rudi nyuma kidogo, nione na betri.*